Zawadi, takrima na rushwa: namna ya kukiandika upya kifungu kinachowachanganya watumishi

Desemba ikikaribia, maofisa ununuzi huulizwa maswali yaleyale na wenzao. Kalenda ya mzabuni nichukue? Kikapu chenye mchele na mafuta je? Kampuni inayotuuzia vifaa imetualika chakula cha kufunga mwaka, twende au tusiende? Anayeulizwa hufungua sera ya ununuzi ya taasisi yake na kukuta maneno kama haya:

> Mtumishi hatapokea zawadi kubwa au takrima iliyopita kiasi kutoka kwa mzabuni, isipokuwa zawadi ndogo za kawaida zinazotolewa kwa nia njema. Zawadi zote ziripotiwe kwa uongozi mapema iwezekanavyo.

Kifungu hiki kinasomeka vizuri. Hakuna mkurugenzi atakayekikataa kwenye kikao cha bodi. Lakini mpe mtunza ghala, dereva na mhasibu wakisome, kisha uwaulize kama wanaweza kupokea mbuzi, na utapata majibu matatu. "Kubwa" ni kiasi gani? "Iliyopita kiasi" ni kiasi cha nani, cha mkurugenzi anayekula hotelini au cha mlinzi anayekula kwa mama ntilie? "Kawaida" ya wapi? "Nia njema" ataipima nani? "Uongozi" ni mtu yupi, yuko mlango namba ngapi? Na "mapema iwezekanavyo" ni kesho au ni mwezi ujao? Katika sentensi mbili kuna matundu sita, na kila tundu anayesoma hulijaza kwa busara yake, haja yake au hofu yake.

Kazi ya kukiandika upya kifungu hiki, basi, ni kuondoa kila neno lisilo na kipimo na kuweka mahali pake namba, mtu, muda au hatua. Makala haya yanafuata maneno hayo moja baada ya jingine, tukichukua mfano wa shirika binafsi lililoko Tanzania linalonunua vifaa kwa zabuni. Viwango vya fedha vilivyomo ni vya mfano. Kila taasisi itaweka vyake, lakini namna ya kuvipata ni ileile.

Maneno matatu yatenganishwe kwanza

Zawadi ni kitu chochote chenye thamani ambacho mpokeaji hakukilipia bei yake kamili. Maana hii ni pana kwa makusudi. Inabeba kikapu cha sikukuu, lakini inabeba pia punguzo la bei ambalo mteja mwingine asiye na cheo chako hapewi, mkopo usio na riba, mafuta ya gari, vocha ya simu, tiketi ya mpira, na nafasi ya kazi kwa mtoto wako. Sera nyingi hutaja "vitu" peke yake, na hapo ndipo mtu anapopata upenyo wa kusema kwamba yeye hakupewa kitu, alitengenezewa gari tu.

Takrima ni chakula, vinywaji, burudani, malazi au usafiri unaotolewa huku mwenyeji akiwepo. Sharti la mwenyeji kuwepo lina kazi yake. Kampuni ikikualika chakula cha mchana na meneja wake akakaa nawe mezani, hiyo ni takrima. Ikikupa hati ya kwenda kula hotelini wewe na mkeo wikiendi, hakuna mwenyeji wala mazungumzo ya kazi. Hiyo ni zawadi, na itahesabiwa hivyo.

Neno takrima lina historia nzito kwetu. Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania iliwahi kuwa na vifungu vilivyoruhusu takrima ya mgombea kwa wapiga kura na kuitenga na rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili, ikiona vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kuwabagua wagombea wasio na uwezo. Anayeandika sera ya ununuzi afungue macho hapo: ukiruhusu ukarimu bila kuuwekea mpaka, anayefaidika ni mwenye mfuko mnene. Mzabuni mdogo mwenye bei nzuri hana pesa za kukualika popote.

Rushwa ni jambo jingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaangalia manufaa yaliyotolewa, kuombwa au kupokelewa ili mtu afanye au asifanye jambo katika kazi ya mwajiri wake, na inamgusa mtumishi wa kampuni binafsi kama inavyomgusa wa serikali. Kwa hiyo sera haiwezi kuhalalisha rushwa kwa kuiwekea kiwango. Soda ya shilingi 1,000 iliyotolewa ili mzigo mbovu upite ni rushwa, hata kama kiwango cha zawadi ni 50,000. Jambo hili liandikwe ndani ya kifungu chenyewe, kwa sababu kosa linalosikika zaidi maofisini ni lile la mtu anayesema, "Haikuzidi kiwango, kwa hiyo ni halali."

Nani anatoa, nani anapokea

Neno "mzabuni" ni jembamba mno. Kabla ya zabuni kutangazwa, kampuni bado haijawa mzabuni, na baada ya mkataba huitwa mkandarasi au mtoa huduma. Mtu akitaka kubishana, atakuambia kifungu hakimhusu. Andika hivi: mtu au kampuni yoyote inayouza, iliyowahi kuuza katika miezi 12 iliyopita, au inayotafuta kuuza kwa taasisi, pamoja na mawakala wake na kampuni zenye mmiliki mmoja naye.

Upande wa mpokeaji pia upanuliwe. Kikapu hakipelekwi ofisini siku hizi, kinapelekwa nyumbani, na anayekipokea ni mama watoto. Taja mwenzi, watoto, wazazi na mtu yeyote anayeishi na mtumishi. Kisha ongeza mchango uliotolewa kwa msikiti, kanisa, timu au kikundi kwa ombi la mtumishi. Hilo la mwisho husahaulika, na ni njia rahisi: hela haikuingia mfukoni mwako, ila kila mtu kijijini anajua nani aliyeleta mabati.

Wakati una uzito kuliko bei

Kama taasisi ina nguvu ya kurekebisha jambo moja tu, irekebishe hili. Sera nyingi huhangaika na kiwango cha fedha na kusahau kuuliza zawadi ilitolewa lini.

Kuna kipindi ambacho kiwango lazima kiwe sifuri: hakuna zawadi, hakuna chakula, hakuna kalenda, kutoka kwa yeyote anayeweza kushiriki zabuni ile. Waandishi wengi huanza kukihesabu kipindi hicho siku zabuni inapotangazwa. Ni kuchelewa. Zabuni huweza kuharibiwa wiki kadhaa kabla ya tangazo, pale mtaalamu anapoandika vigezo vya kiufundi. Akiandika kwamba pampu iwe na kipimo fulani ambacho chapa moja tu inacho, wazabuni wengine wameshatolewa kabla hata hawajasikia habari zake. Kwa hiyo kipindi cha sifuri kianze siku ombi la ununuzi linaposainiwa na idara inayohitaji kitu hicho.

Mwisho wake nao si siku ya kusaini mkataba. Baada ya mkataba kuna kamati ya kukagua na kupokea bidhaa, kuna anayesaini kazi imekamilika, kuna anayeandaa malipo. Hawa wana uwezo wa kupitisha mzigo pungufu au kuiweka ankara juu ya nyingine. Kwao sifuri iendelee hadi malipo ya mwisho yatoke na kipindi cha dhamana kiishe. Kwa watumishi wengine ambao hawagusi mkataba ule, kiwango cha kawaida kinaweza kurudi baada ya mkataba kusainiwa.

Hapa ndipo panapojibiwa ile kauli ya "ni asante tu, zabuni imeshaisha." Asante iliyotolewa leo hukumbukwa kwenye zabuni ya mwakani, na wanaoitoa wanalijua hilo.

Kiwango kinapatikanaje

Kuna njia mbili zinazojulikana duniani. Maofisa wanaofanya ununuzi wa Umoja wa Mataifa hawaruhusiwi kupokea zawadi wala takrima yoyote kutoka kwa wauzaji. Serikali kuu ya Marekani, kwa upande wake, inawaruhusu watumishi wake kupokea kitu kisichozidi dola 20 kwa tukio moja, na jumla isizidi dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Njia ya kwanza ni nyepesi kukumbuka. Ya pili inakubali kwamba kalamu na chupa ya maji haviwezi kukwepeka, lakini angalia kwamba ina namba mbili: ya tukio na ya mwaka. Namba moja peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye nia atakuletea kitu cha chini ya kiwango kila Ijumaa.

Kwa shirika la mfano wetu, tuseme kiwango ni shilingi 50,000 kwa tukio na 120,000 kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja, zawadi na takrima zikijumlishwa pamoja. Namba ya kwanza itoke wapi? Usiichukue kutoka sera ya shirika la nje na kuibadilisha fedha. Iangalie kwa jicho la mtumishi wa kipato cha chini mwenye uamuzi mkononi. Mara nyingi huyo ni mtunza ghala au dereva anayesaini kwamba lita za mafuta zilizoingia ni kamili. Kama mshahara wake ni laki tatu, zawadi ya laki moja ni theluthi ya mwezi wake. Kiwango kinachoonekana kidogo kwa mkurugenzi kinaweza kumlainisha yeye kabisa. Kwa kuwa sera ni moja kwa wote, namba ipimwe kwa huyu.

Thamani ihesabiwe kwa bei ya dukani siku ile, si kwa gharama aliyoingia mtoaji. Mwenye kiwanda cha vitenge atakuambia doti moja imemgharimu kidogo, lakini wewe ungeinunua kwa bei ya soko. Na zawadi iliyoletwa kwa idara nzima isigawanywe kwa vichwa. Bila sharti hilo, kampuni inaweza kuleta vitu vya shilingi 600,000 kwa watu 12, kila mmoja 50,000, na kila mtu akawa salama kwenye karatasi. Zawadi ya idara ihesabiwe kuwa zawadi moja.

Fedha taslimu na vinavyofanana nazo havina kiwango. Ni marufuku wakati wote: noti, pesa zilizotumwa kwa simu, vocha, kadi za manunuzi, dhahabu. Pesa za simu zinahitaji maelezo yake, kwa sababu zinaingia bila wewe kukubali. Asubuhi unaamka, ujumbe unasema umepokea 100,000 kutoka kwa jina unalolijua. Maelekezo ya sera yawe hivi: usizitumie, usizihamishie akaunti nyingine, piga picha ya ujumbe, toa taarifa siku hiyohiyo, kisha uzirudishe kwa namba ileile iliyozituma na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Makato ya kurudisha yalipwe na taasisi. Usimpe mtu mkononi, hata akikuomba, maana kumbukumbu ya simu itaonyesha umepokea na haitaonyesha kamwe kwamba ulirudisha.

Chakula cha safarini, harusi na misiba

Maeneo haya matatu ndiyo yanayowashinda watumishi waadilifu, na sera zilizoandikwa kwa kunakili za nje hazisemi lolote kuyahusu.

Tuanze na safari za kukagua. Afisa anakwenda kiwandani au eneo la kazi kuangalia kama mzabuni ana uwezo aliousema. Kanuni iwe kwamba usafiri, malazi na chakula vinalipwa na taasisi iliyomtuma. Amepewa posho ya safari kwa ajili hiyohiyo, na anayechukua posho halafu akalishwa na mzabuni amelipwa mara mbili. Hata hivyo, kuna maeneo ambayo hakuna mgahawa kwa kilomita nyingi. Ruhusu maji, chai na chakula kilekile wanachokula wafanyakazi wa eneo hilo, kiliwe palepale, kisha kiripotiwe baada ya kurudi. Kuku wa kuchomwa aliyeandaliwa kwa mgeni peke yake si chakula cha wafanyakazi.

Michango ya harusi ni mtihani mkubwa zaidi. Afisa ununuzi anapoozesha, kamati ya harusi huchapa kadi za michango na kuzigawa, na mtu wa kwanza kufikiriwa ni yule mwenye kampuni anayefika ofisini kila wiki. Mzabuni aliyepewa kadi na afisa anayetathmini zabuni yake hana uhuru wa kukataa. Huo si mchango tena. Ni madai yaliyovikwa nguo ya sherehe. Kwa hiyo sera iseme wazi: mtumishi, wala mtu kwa niaba yake, hatampa muuzaji wa taasisi kadi ya mchango, na hatamuingiza kwenye kundi la simu la kamati ya harusi. Mara nyingi wanakamati ndio wanaoongeza namba bila kumuuliza mwenye sherehe, kwa hiyo mtumishi awaambie mapema majina yasiyoguswa. Mchango ukija bila kuombwa, ni fedha taslimu, na unarudishwa kama fedha nyingine.

Rambirambi ni tofauti, na nadhani sera ikiikataza kabisa itavunjwa na kila mtu, kuanzia mkurugenzi. Msiba haupangwi na mfiwa, rambirambi haiombwi, na kuirudisha mbele za watu ni kumuumiza aliyeitoa na aliyefiwa pia. Hapa ni busara kuweka ruhusa pekee ya fedha taslimu: rambirambi isiyozidi kiwango cha tukio inaruhusiwa hata kutoka kwa muuzaji, iandikwe kwenye daftari la msiba kama ilivyo desturi, na mfiwa atoe taarifa ndani ya siku 14 baada ya kurudi kazini. Mfiwa akiwa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni anayoshiriki mtoaji, anapumzishwa kwenye kamati hiyo. Haadhibiwi kwa lolote, anabadilishwa tu.

Kuna pia zawadi zisizokataliwa kwa sababu ya heshima. Mzee wa kijiji ambako shirika linanunua mahindi anakuletea jogoo mbele ya wanakijiji. Kumkatalia ni kumwaibisha. Sera iruhusu kumpokea jogoo kwa niaba ya taasisi, na mtumishi aseme hivyo kwa sauti palepale: "Nashukuru sana mzee, nitamfikisha ofisini kwetu." Akifika ofisini anamkabidhi. Jogoo huyo halazwi nyumbani kwa mtumishi.

Kutoa taarifa: kwa nani, lini, kwa maandishi gani

"Kwa uongozi mapema iwezekanavyo" libadilishwe liwe: kwa afisa maadili, ndani ya siku 2 za kazi tangu kitu kilipotolewa, kwa fomu ya ukurasa mmoja. Taasisi isiyo na afisa maadili imtaje mkuu wa ukaguzi wa ndani au mtu mwingine kwa cheo chake. Asiwe mkuu wa ununuzi, kwa sababu zawadi nyingi zinaelekezwa kwenye idara yake. Na kama anayepaswa kupokea taarifa ndiye aliyepewa zawadi, taarifa iende kwa mtu wa pili ambaye naye ametajwa.

Fomu isiwe ndefu. Inahitaji tarehe na mahali, nani alitoa na kampuni yake, nani alipewa, kitu gani, thamani ya sokoni kwa makadirio, kama kuna zabuni au mkataba unaoendelea na mtoaji, na mtumishi alifanya nini: alikataa, alipokea au alipokea kwa niaba ya taasisi. Afisa maadili anaandika uamuzi wake ndani ya siku 3 za kazi, na uamuzi ni mmoja kati ya minne: kaa nacho, kirudishe, kikabidhi kwa taasisi, au kipelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto au wazee kwa hati ya mapokezi. Hadi uamuzi utoke, kitu hakitumiki. Kinachoharibika upesi, kama samaki au keki, hakisubiri: kinapelekwa kituoni siku hiyohiyo na hati inaambatishwa kwenye fomu.

Kilichokataliwa nacho kiandikwe. Watumishi hushangaa: nimekataa, niripoti nini tena? Sababu ni kwamba kukataa kwako ni habari. Watu watatu wa idara tofauti wakiandika ndani ya wiki moja kwamba kampuni fulani iliwapa bahasha wakaikataa, afisa maadili anaona jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angeliona peke yake, na huenda kuna wa nne ambaye hakukataa.

Kwa kalenda, kalamu na shajara zenye nembo ya kampuni, weka sakafu ili fomu zisiwe nyingi kupita kiasi. Vitu vya chini ya shilingi 10,000 nje ya kipindi cha sifuri havihitaji fomu.

Kuripoti zawadi kusichanganywe na kuripoti rushwa. Mtu akikuambia "nipe kazi hii nami nitakukumbuka," usijaze fomu ya zawadi ukaishia hapo. Sheria ya 2007 inamtaka anayejua kosa la rushwa limetendeka au linakusudiwa kutendeka atoe taarifa TAKUKURU, ambao namba yao ya simu ya bure ni 113. Taasisi yenye ofisi Kenya ikumbuke kwamba Sheria ya Hongo ya huko, ya mwaka 2016, inampa mtu mwenye madaraka saa 24 tu kuripoti anachokijua au kukishuku, hata katika kampuni binafsi. Siku 2 za kifungu cha zawadi hazitoshi kwa hilo.

Kikapu cha shilingi 48,000

Tuone kifungu kipya kikifanya kazi. Shirika linataka pampu 6 za visima. Mkuu wa idara ya maji anasaini ombi la ununuzi tarehe 3 Novemba. Mhandisi anaanza kuandika vigezo, na zabuni itatangazwa tarehe 24. Tarehe 12, saa nne asubuhi, pikipiki inaleta kikapu getini chenye jina la mhandisi, kutoka kampuni inayouza pampu. Ndani kuna mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia chupa ya lita 3 na juisi mbili. Kwa bei ya dukani, mchele ni 15,000, sukari 6,000, mafuta 18,000 na juisi 9,000. Jumla ni 48,000.

Kwa kifungu cha zamani hakuna tatizo: ni zawadi ndogo, sikukuu inakaribia, nia inaonekana njema. Hata kwa sera yenye kiwango cha 50,000 peke yake kikapu kinapita, na inawezekana kabisa aliyekipanga alikipanga hivyo. Kwa kifungu kipya, swali la bei halifikiwi. Ombi la ununuzi limeshasainiwa, mtoaji anauza pampu, mpokeaji anaandika vigezo vya pampu. Kiwango ni sifuri.

Mlinzi anakiandika kikapu kwenye daftari la mizigo la getini, na hakiingii ndani. Mhandisi anampigia afisa maadili, anajaza fomu siku hiyo. Kikapu kinarudishwa kwa barua fupi ya taasisi, si ya mhandisi, na anayekipokea upande wa kampuni anasaini nakala. Wakikataa kukichukua, kinapelekwa kituo cha watoto na hati inabaki kwenye jalada. Mhandisi anaendelea na kazi yake kwa sababu ametoa taarifa kwa wakati. Angekaa kimya na ikagundulika, angeondolewa, na vigezo alivyoandika vingepitiwa upya na mtu mwingine kabla ya tangazo.

Na kampuni? Hapa taasisi nyingi huteleza kwa hasira: huiondoa kwenye zabuni papo hapo, kisha hupokea malalamiko wasiyoweza kuyajibu. Adhabu kwa mzabuni lazima iwe imeandikwa kwenye nyaraka za zabuni na kwenye barua inayotumwa kwa wauzaji wote kila mwaka. Kama barua hiyo ilishatumwa, kosa la kwanza la kitu kidogo kilichorudishwa linastahili onyo la maandishi, na la pili linaiondoa kampuni. Fedha taslimu inaiondoa mara ya kwanza.

Dalili kwamba kifungu hakifanyi kazi

Rejista ya zawadi ikikaa tupu mwaka mzima, usifurahi. Taasisi yenye wauzaji 40 haiwezi kumaliza Desemba bila hata zawadi moja ya kujaziwa fomu. Mkaguzi alinganishe rejista na daftari la mizigo la getini, ambalo halina sababu ya kudanganya. Aangalie pia thamani zilizoandikwa: zikirundikana kwenye 48,000 na 49,000, watu wanakadiria kurudi nyuma kutoka kwenye kiwango. Hapo anachukua fomu chache na kwenda dukani kuuliza bei. Rejista yenye majina ya watumishi wa chini peke yake nayo ina ujumbe wake, kwa kuwa wanaoalikwa zaidi ni wakubwa.

Kabla bodi haijapitisha kifungu, kijaribiwe. Wachukue watu watano: mtunza ghala, dereva, mhasibu, afisa ununuzi na mkuu wa idara mmoja. Wape kila mmoja karatasi yenye visa sita, kama vile jogoo wa mzee wa kijiji, laki moja iliyoingia kwenye simu usiku, kadi ya harusi, chakula cha eneo la kazi, kalenda na kikapu cha tarehe 12 Novemba. Wajibu bila kuulizana: napokea au sipokei, namwambia nani, kabla ya lini. Pale ambapo majibu yao yanatofautiana, rudi kwenye sentensi ile uiandike tena, kisha uwape karatasi upya.